Jinsi ya kuomba uchunguzi mfumo unapochelewa ghafla

Mwongozo huu ni wa watengenezaji wa mfumo wetu wa kuhifadhi nafasi za safari, ofisi ya Arusha. Ombi hupelekwa kwa timu ya miundombinu likiwa na grafu ya vipimo, nyayo za ombi moja lililochelewa, na logi zake.

1. Jaza muda. Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Mteja akisema "saa kumi jioni", saa ya kompyuta inasoma 16:00, lakini seva zetu huandika UTC, yaani 13:00. Jaza UTC.

2. Ambatisha grafu. Wastani hauonyeshi kitu. Tumia hii kwenye Prometheus:

```
histogram_quantile(0.99, sum by (le, service)
  (rate(http_request_duration_seconds_bucket[5m])))
```

Mwezi uliopita nusu ya maombi yalijibiwa ndani ya milisekunde 120 kama kawaida, huku asilimia moja ya mwisho ikivuka sekunde 2.6. Mistari ya huduma za lango, nafasi na malipo ilipanda pamoja, kwa sababu anayemsubiri mwenzake naye huhesabiwa kachelewa. Kwa hiyo usimtaje mkosaji bado.

3. Ambatisha nyayo. Chukua `trace_id` ya ombi lililochelewa, herufi na tarakimu 32, uifungue kwenye Jaeger. Tafuta huduma ambayo muda wake hauelezwi na zile inazoziita. Kwetu ilikuwa malipo: ilikaa sekunde 2.4, lakini swali lake kwa hifadhidata lilichukua milisekunde 30 tu, tena mwishoni kabisa. Kabla yake palikuwa na pengo tupu. Pengo la namna hiyo mara nyingi ni foleni ambayo hakuna aliyeiwekea kipimo.

Usipozipata nyayo hizo, huenda zilitupwa: tukihifadhi ombi moja katika mia kwa bahati nasibu, yaliyochelewa hupotea pamoja na mengine. Omba kanuni ya kuhifadhi yote yanayozidi sekunde moja, inayoamuliwa ombi likishamalizika.

4. Ambatisha logi. Tafuta kwa `trace_id` ile ile. Tulikuta malipo ikisubiri muunganisho wa hifadhidata, yote 10 ikiwa imeshikwa. Kisha ondoa `trace_id`, usome logi zote za malipo za dakika hiyo. Ndipo tukaona ripoti ya mauzo, iliyoanza 13:00:00 na kushika miunganisho 8. Ukiishia kwenye logi za ombi lako utamwona anayesubiri, si aliyemzuia.

5. Andika unachoomba. "Ongezeni miunganisho iwe 50" tutalikataa. Malipo ina nakala nne, hivyo ni 200, na PostgreSQL kwa chaguo-msingi hupokea 100. Tuliloidhinisha ni ripoti kupewa miunganisho yake 2, isiguse ya wateja. Ambatisha grafu ya siku inayofuata, saa ile ile, ndipo ombi lifungwe.