Funika cheo, soma mamlaka

Unapolinganisha nafasi za kazi, funika cheo kwanza, kisha usome tangazo linasema mwajiriwa ataripoti kwa nani, atasimamia watu wangapi na ataidhinisha nini, kwa kuwa kila kampuni binafsi hujipangia vyeo vyake. Meneja Uhusiano wa benki mara nyingi hutunza kundi la wateja bila kuwa na mtu chini yake, ilhali Mhasibu Mwandamizi wa kiwanda anaweza kuongoza wahasibu watano na kufunga hesabu za mwezi. Huyu wa pili, kwa maoni yangu, ndiye mkubwa. Kipimo hiki hupotosha katika kampuni ya watu wanane, ambako hata karani huripoti kwa mkurugenzi, na kwa wataalamu wabobezi wasiosimamia mtu. Hapo linganisha miaka ya uzoefu inayotakiwa.