Kugawana mirabaha ya wimbo kati ya bendi na prodyuza: hatua kwa hatua, kabla hamjapakia

Mwongozo huu ni wa bendi inayotoa wimbo wake yenyewe, bila lebo, kupitia kampuni ya usambazaji inayoufikisha Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack na kwingineko. Nafanya kazi hii na bendi za Mtwara, na ugomvi ninaoitwa kuusuluhisha karibu kila mara ni uleule: asilimia zimeandikwa vizuri, lakini hakuna aliyeandika ni asilimia ya pesa ipi.

Nitatumia bendi moja ya mfano hadi mwisho. Ina watu wanne: mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga besi na mpiga ngoma. Prodyuza amewarekodia wimbo mmoja. Bei yake ni shilingi 400,000, lakini amekubali kuchukua 200,000 taslimu na nusu iliyobaki aigeuze kuwa fungu kwenye mapato. Mpiga gitaa ndiye aliyetoa pesa mfukoni: hizo 200,000 za prodyuza, na 100,000 nyingine ya kava na ada ya usambazaji. Jumla anaidai bendi 300,000.

Hatua ya 1: Tenganisheni masta na utunzi

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni masta, yaani rekodi yenyewe, ile sauti iliyotoka studio. Ya pili ni utunzi: mashairi na melodi, ambavyo vingekuwepo hata kama wimbo ungerekodiwa upya na bendi nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inatofautisha haki za mtunzi na za mwenye rekodi.

Pesa inayoingia kwenye akaunti ya msambazaji ni ya masta. Pesa ya utunzi hupita njia nyingine, kwa vyombo vinavyokusanya kwa niaba ya watunzi, na ile sehemu ya mgawanyo mnayoijaza kwa msambazaji haiigusi kabisa. Kwa hiyo andikeni karatasi mbili. Katika mfano wetu, masta inagawanywa kwa watu watano. Utunzi ni wa mwimbaji aliyeandika mashairi na mpiga gitaa aliyeleta melodi, nusu kwa nusu. Mpiga besi na mpiga ngoma wapo kwenye karatasi ya kwanza tu, na wajue hivyo mapema wakiwa wamekaa pamoja.

Kwa prodyuza, ulizeni swali moja: alitengeneza biti na melodi kabla bendi haijaingia, au alirekodi na kuchanganya walichopiga wenyewe? Akiwa wa kwanza, ana haki ya kudai fungu la utunzi. Akiwa wa pili, kama huyu wetu, fungu lake liko kwenye masta.

Majina ya watunzi yajazwe wakati wa kupakia kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Jina la jukwaani halimsaidii mtu siku anaposajili kazi yake COSOTA na majina hayafanani.

Hatua ya 2: Amueni makato yanatoka wapi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mkulima wa korosho hapa kwetu anajua kwamba bei inayotangazwa mnadani siyo anayoiona mkononi, kwa sababu makato yanatangulia, na anachouliza AMCOS ni makato yapi na yanaanzia wapi. Ulizaneni hivyohivyo.

Bendi yetu imekubaliana asilimia 20 kwa kila mtu, prodyuza akiwemo, na kwamba mpiga gitaa arudishiwe 300,000 yake kwanza. Linasikika limekamilika. Chukulia sasa kwamba wimbo umeingiza 700,000 baada ya makato ya msambazaji na kodi.

Njia ya kwanza ni kutoa 300,000 juu kabisa, kisha kugawa inayobaki. Zinabaki 400,000, kila mtu anapata 80,000, na mpiga gitaa anaondoka na 380,000.

Njia ya pili ni kumpa prodyuza asilimia 20 ya pesa yote, yaani 140,000. Bendi inabaki na 560,000, inamrudishia mpiga gitaa 300,000, na 260,000 inagawanywa kwa wanne: 65,000 kila mmoja. Mpiga gitaa anaondoka na 365,000.

Asilimia hazijabadilika, lakini prodyuza ametofautiana 60,000. Mimi nasimama na njia ya pili. Theluthi mbili ya deni lile ni malipo ya prodyuza mwenyewe. Ukilitoa juu, yeye anachangia kujilipa, na ile nusu ya bei aliyoiacha inapungua thamani bila yeye kujua. Kama prodyuza hakuacha chochote, kalipwa 400,000 yote na bado anapewa fungu, hapo njia ya kwanza inazungumzika.

Andikeni kwa sentensi isiyo na mlango wa nyuma. Hii ndiyo ninayotumia:

"Prodyuza atapata asilimia 20 ya pesa yote inayoingia kwenye akaunti ya msambazaji kwa wimbo huu, tangu shilingi ya kwanza. Asilimia 80 ya bendi itamrudishia mpiga gitaa shilingi 300,000 alizotoa, kisha itagawanywa sawa kwa wanabendi wanne."

Wote watano wasaini, kila ukurasa, na kila mtu abaki na nakala yake.

Hatua ya 3: Jazeni mgawanyo kwenye mfumo

Chagueni msambazaji anayegawa pesa mwenyewe. Kwenye skrini sehemu hiyo mara nyingi inaandikwa Splits. Msimchague asiyekuwa nayo halafu mkategemea mwenye akaunti awe anawatumia wenzake kwa simu kila mwezi. Atachoka, au atashukiwa.

Mgawanyo unajazwa kwa kila wimbo na lazima ufike 100. Mifumo mingine ina sehemu ya kurudisha gharama kwanza. Kama wenu hauna, njia ya pili inatekelezeka kwa asilimia tupu: anzeni na prodyuza 20, mpiga gitaa 80, wengine sifuri. Mpiga gitaa akifikisha 300,000, badilisheni iwe 20 kwa kila mmoja wa watano. Kwa ile 700,000 yetu, mabadiliko yanakuja jumla ikifika 375,000, prodyuza akiwa na 75,000 yake. Inayobaki, 325,000, inampa kila mtu 65,000. Hesabu inarudi palepale kwenye 140,000 na 365,000.

Angalieni siku ya kubadilisha. Pesa ya wimbo uliosikilizwa mwezi huu huingia kwenye akaunti baada ya miezi miwili au mitatu, na mifumo mingi haigusi pesa iliyokwisha kugawanywa. Mkichelewa kubadilisha, malipo ya mwezi mzima yanaenda kwa asilimia za zamani, na kuyarudisha ni suala la hiari ya aliyepokea. Mmoja wenu apewe kazi ya kufungua ripoti kila inapotoka na kutuma picha ya skrini kwenye grupu la bendi.

Kisha kila mtu atapokea mwaliko kwa barua pepe, na asipoukubali hapokei kitu. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalokwamisha wengi. Mpiga besi amekwenda Masasi shambani, barua pepe aliyoandika ilifunguliwa na laini iliyopotea, na miezi inapita. Akija kuuliza, "Kaka, mbona kwangu sifuri?", jambo la kwanza la kuangalia ni kama mwaliko wake bado unasubiri. Nashauri watu wakubali mialiko wakiwa chumba kimoja, simu mkononi, kabla tarehe ya kutoka haijapangwa.

Hatua ya 4: Kodi na njia ya kutolea pesa

Wasambazaji wengi ni kampuni za Marekani, na watamtaka kila mpokeaji ajaze fomu ya W-8BEN. Ni ya kila mtu peke yake. Mwenye akaunti hawezi kuwajazia wengine. Sehemu ya namba ya mlipakodi wa nje unaweka TIN yako ya TRA. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo usidai nafuu ya mkataba. Mapato yaliyotokana na wasikilizaji wa Marekani yatakatwa asilimia 30. Yaliyotoka Tanzania, Kenya au Ujerumani hayahusiki na makato hayo.

Ndiyo maana nasema sentensi ya mkataba itaje pesa "inayoingia" na siyo "mapato" tu. Fomu hiyo hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka wa kusaini, kisha inajazwa upya.

Kutoa pesa kuna ada na kiwango cha chini. Mtu mwenye asilimia 20 ya wimbo unaoingiza kidogo anaweza kukaa muda mrefu bila kufikia kiwango hicho. Pesa yake ipo, inasubiri. Mwelezeni mapema.

Hatua ya 5: Zibeni njia za pembeni

Mgawanyo unafanya kazi kwa pesa inayopita kwa msambazaji tu. Mwimbaji akiupandisha wimbo uleule kwenye akaunti yake mwenyewe ya Boomplay au Mdundo, pesa ya huko ni yake peke yake, na wasikilizaji wanagawanyika kwenye kurasa mbili. Dalili ni rahisi: tafuta jina la wimbo, ukiona kava mbili au idadi mbili tofauti za usikilizaji, kuna aliyepakia pembeni.

Video ya YouTube kwenye chaneli ya bendi nayo ina matangazo yake, na pesa hiyo inaingia kwa mwenye chaneli. Iandikeni kwenye karatasi: inagawanywa kwa asilimia zilezile, au inabaki kulipia video. Vyote viwili ni halali mradi vimeandikwa.

Hatua ya 6: Mtu akiondoka, au mkihama msambazaji

Mpiga ngoma akiacha bendi, asilimia 20 yake ya wimbo huu inabaki yake, kwa sababu alishaupiga. Nyimbo zinazofuata ndizo hazimhusu. Andikeni pia jina la mrithi kwa kila mmoja, pamoja na namba ya simu yake.

Mkihama kwenda kwa msambazaji mwingine, nakilini ISRC ya wimbo, ile namba ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi, na muiweke ileile upande mpya ili hesabu ya usikilizaji isianze upya. Mgawanyo wenyewe hauhami. Mtaujaza tena, mialiko itatumwa tena, na kila mtu atalazimika kuikubali tena kabla hamjaondoa wimbo kwa msambazaji wa zamani.