Rangi ya damu ya hedhi: itazame ikiwa bado mbichi

Angalia rangi unapojipangusa, si kwenye pedi iliyokaa saa tano. Kwa joto la Kisumu, hata damu nyekundu hugeuka kahawia ikikauka, na utajitia hofu bure.

Nyekundu ya kung'aa ni damu mpya inayotoka kwa kasi, kawaida siku mbili za kwanza. Hapo hesabu pedi: ukilowesha moja kila saa kwa saa mbili mfululizo, nenda hospitali. Kahawia iliyokoza ni damu iliyokawia tumboni, mara nyingi mwanzoni au mwishoni mwa hedhi.

Waridi ya majimaji ni damu kidogo iliyochanganyika na ute. Sindano ya kupanga uzazi huleta hali hiyo. Lakini tuseme hedhi imechelewa siku kumi, kisha unaona matone ya waridi na tumbo linauma upande mmoja: pima mimba siku hiyo hiyo na umwone daktari, maana mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Kijivu usiingoje iishe. Ikiwa na harufu ya samaki inayozidi baada ya kujamiiana, huenda bakteria wa ukeni wamevuruga mizani yao. Kliniki watakupa dawa, mara nyingi metronidazo. Usijioshe ndani kwa sabuni, utaongeza tatizo. Vipande vya kijivu kama nyama kwa mjamzito huenda ni mimba inayotoka, na pakiwa na homa ni dharura.