Kupata urefu kamili wa kipande kilichokatishwa katikati ya mchoro

Tuchukue engo ya 50 x 50 x 6 yenye matundu ya boliti, iliyochorwa kwenye karatasi ya A4 kwa skeli ya 1:5. Urefu wake halisi ungehitaji milimita 344 za karatasi, na A4 ina 297 tu. Kwa hiyo mchoraji ameondoa sehemu ya katikati isiyobadilika na kuzisogeza ncha mbili zikaribiane.

Hatua ya 1: Tambua mkato. Tafuta mistari miwili myembamba yenye zigizaga, au iliyopinda kwa mkono, inayokivuka kipande ikitazamana. Kwenye nondo ya duara mara nyingi huwa na umbo la S. Ukiiona, weka rula kando. Ukipima karatasi hii utapata kama milimita 190. Zidisha kwa 5, unapata 950, na urefu huo haumo popote kwenye kipande.

Hatua ya 2: Fuata mstari wa kipimo. Kipande kimekatishwa, lakini mstari wa kipimo unaokivuka huchorwa mzima, na namba iliyoandikwa juu yake ndiyo urefu wa kweli. Angalia mishale yake inagusa wapi: ikiishia kwenye vituo vya matundu ya mwisho, hicho bado si kipimo cha ncha hadi ncha.

Hatua ya 3: Jumlisha mnyororo. Kwenye engo yetu imeandikwa 35 kutoka ncha ya kushoto hadi kituo cha tundu la kwanza, kisha 11 x 150 (= 1650), kisha 35 hadi ncha ya kulia.

```
35 + 1650 + 35 = 1720
```

Hapa ndipo wengi huharibu chuma. Ile 11 ni idadi ya nafasi, si ya matundu. Matundu ni 12. Anayezidisha 12 x 150 anaongeza milimita 150 nzima. Na anayehesabu matundu yanayoonekana anakuta sita tu, matatu kila upande, kwa kuwa mengine yamo kwenye sehemu iliyoondolewa. Huyo atakata kipande cha 820.

Hatua ya 4: Hakiki. Ikiwa nje kabisa pameandikwa (1720) ndani ya mabano, ni kipimo cha rejea: kitumie kuhakikisha jumla yako. Visipolingana, usikate. Kwenye michoro ya kompyuta shaka yangu ya kwanza huwa ni hii: mchoraji amefupisha umbo kwa mkono, na programu imepima ule ufupisho. Ukiona namba 950 imekaa kwenye mstari wa nje, umeshajua ilikotoka.

Kuna mchoro usio na jibu. Kama vipimo vya kushoto vinaishia kabla ya mkato, vya kulia vinaanzia baada yake, na hakuna hata kimoja kinachouvuka, hakuna hesabu itakayokupa urefu. Urudishe kwa mchoraji aandike kipimo hicho, kisha ndipo uweke alama kwenye chuma.