Somo: Wakala wa ajira akikuuliza mshahara wako wa sasa kabla ya kutaja ule wa nafasi anayokupa

Hatua ya kwanza hufanyika kabla simu haijaita. Chukua hati yako ya mshahara, uandike kiasi cha kabla ya makato na kile kinachoingia benki. Wengi hukosea hapa, kwa kuwa tumezoea kuutaja mshahara kwa kile tunachokishika mkononi, ilhali mwajiri hupanga bajeti yake kwa kiasi cha kabla ya makato.

Tuchukue mhasibu msaidizi wa Dar es Salaam mwenye mshahara wa shilingi 1,200,000. NSSF hukata asilimia 10, yaani 120,000, kisha PAYE hukata 152,000, naye hubaki na 928,000. Akitaja hiyo 928,000 bila maelezo, na wakala akaiandika kuwa ni ya kabla ya makato, nyongeza ya asilimia 20 itamletea mkataba wa 1,113,600, ambao mkononi ni kama 873,500. Atakuwa amehama kazi ili apoteze zaidi ya 54,000 kila mwezi.

Hatua ya pili ni kurudisha swali kwa upole: "Ningependa kwanza kufahamu majukumu ya nafasi hii na kiwango ambacho mwajiri ameitengea." Kisha nyamaza. Mara nyingi wakala anakijua kiwango hicho, na ukimya wako humpa nafasi ya kukitaja.

Asipokitaja, eleza unachotaka badala ya unachopata: "Kwa majukumu uliyoyaeleza, natarajia kati ya 1,700,000 na 2,000,000 kabla ya makato." Namba ya chini iwe ile ambayo ungeikubali kweli, kwa sababu ndiyo atakayoishika. Uliza kwanza wenzako wawili au watatu wanaofanya kazi kama hiyo, usije ukaibuni.

Akishikilia bado, taja ukweli wote: kiasi cha kabla ya makato, posho, bima ya afya, kisha matarajio yako.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Je, nikiongeza kidogo mshahara wangu wa sasa, watajuaje?*

Marahaba. Wanaweza kukuomba hati za mshahara za miezi mitatu wakati wa kukamilisha ajira, tena ukiwa pengine umeshaaga kazini. Kukataa kutaja kunakubalika, lakini kudanganya kunaweza kukunyima ajira hiyo.

*Fomu ya mtandaoni haiendelei mpaka nijaze mshahara wa sasa. Nifanyeje?*

Jaribu kuandika 0, halafu ueleze kwenye barua ya maombi kwamba utaliongelea suala hilo kwenye usaili. Ikikataa, jaza kiasi halisi cha kabla ya makato. Usiandike matarajio yako katika nafasi hiyo, kwani yatasomeka kama mshahara unaolipwa.

*Mimi mshahara ni mdogo ila posho ya nyumba na usafiri ni kubwa. Nitaje upi?*

Taja jumla, kisha uichambue. Ukitaja mshahara wa msingi peke yake, posho hizo hazitaingia kwenye hesabu yao.