Somo: Kulisha watoto wa mbuzi na kondoo kabla ya kuwaachisha kunyonya

Huku kwetu Dodoma mama huenda machungani asubuhi, mtoto hubaki nyumbani akimsubiri hadi jioni. Saa hizo ndizo za kumzoesha pumba. Kizuizi kinahitajika mama akirudi, maana akiiona pumba hamwachii mtoto kitu.

Hatua ya 1: kizimba. Kata kona kavu ya banda, karibu na mama wanapolala, yenye kivuli. Simamisha fito zilizoachana sentimita 15 kwa mbuzi wa kienyeji. Watoto wakinenepa, ongeza hadi 18. Pima kwa macho: mama mdogo kuliko wote akipenyeza kichwa tu, sawa, akipenyeza mabega, punguza. Fito ziwe laini, zisiwachune.

Kihori kiwe chembamba, na juu yake pigilia ubao mmoja kwa urefu. Bila huo ubao watasimama ndani na kukojolea chakula. Maji safi yawepo muda wote.

Hatua ya 2: chakula. Kwa kilo 50: mtama au mahindi ya kuparaza kilo 22, mashudu ya alizeti kilo 20 na nusu, pumba ya mahindi kilo 6, chokaa ya mifugo kilo 1, chumvi nusu kilo. Hapo protini inakaribia asilimia 16. Mashudu yetu yana maganda mengi, yachekeche kwanza. Chokaa usiiruke: nafaka na pumba zina fosforasi nyingi, na bila kalsiamu vibeberu hupata mawe kwenye njia ya mkojo.

Hatua ya 3: kulisha. Anza wakiwa na wiki mbili. Kwa watoto 20, weka gramu 400 kwa siku, yaani gramu 20 kila mmoja. Kesho yake mabaki wape mama, weka mapya. Ongeza kidogo kidogo hadi wafike gramu 200 kila mmoja wakikaribia miezi mitatu. Hapo unatumia kilo 4 kwa siku, na gunia la kilo 50 linakwisha siku ya kumi na tatu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina chakula cha nguruwe kimebaki. Niwape?* (Kongwa)

Hapana ndugu, hasa kama una kondoo. Kinaweza kuwa na shaba nyingi, na kondoo shaba humharibu ini.

*Shikamoo. Wangu wanaharisha tangu nianze.* (Chamwino)

Marahaba. Kinyesi kikilegea tu, punguza chakula nusu kwa siku mbili, kisha upandishe polepole. Kikiwa na damu na mtoto anajikamua, shuku koksidia: kausha sakafu, inua kihori, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

*Amekufa ghafla yule mnene kuliko wote. Jana alikuwa mzima!* (Bahi)

Pole sana. Mara nyingi ni sumu ya bakteria wa utumbo, wanaozaliana mtoto akibugia nafaka nyingi kwa mara moja, na ndiyo maana humchukua mlafi. Mpigie mtaalamu ampasue kabla hajaoza, mjue kwa hakika. Waliobaki warudishie nusu, ugawe asubuhi na jioni, na urefushe kihori ili wote wale kwa pamoja. Muulize pia chanjo ya mama kabla ya kuzaa.