Ukisikia quatre-vingt usiandike 8 kwanza

Mfaransa akikutajia namba ya simu tulia kidogo, kule wanazisoma mbilimbili, sasa ukisikia tu quatre-vingt mkono unakimbilia kuandika 8, kumbe bado. Hiyo ni 4 mara 20, yaani 80, afu kinachofuata ndo kinaamua: akimalizia na sept ni 87, akimalizia na dix-sept ushafika 97 maana ni 80 jumlisha 17. Soixante nayo hivohivo, soixante-douze ni 60 na 12, andika 72. Mi siku hizi nasubiri amalize ndo naandika. Ukiongea na Mkongo wa DRC au Mbelgiji umepona nusu, wao 70 ni septante na 90 ni nonante, ila 80 yao ni ileile quatre-vingts.